Wigi Lililobaki Kitandani

— Livae, Nuha. Livae sasa hivi nikuone!

Mwanaesha alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono ameitandaza juu ya mito miwili kama ndege aliyeanikwa. Piko na hina vilikuwa bado vibichi mpaka kwenye viwiko. Hawezi kushika kikombe, hawezi kujikuna pua. Ila kuamrisha aliweza.

Wigi lenyewe lilikuwa juu ya kitanda, jeusi, refu, linang'aa kama manyoya ya kunguru. Alilinunua yeye mwenyewe Mombasa, pamoja na vitu vyake vya harusi.

— Sivai, alisema Nuha.

— Usiseme hivyo.

— Nimeshasema.

— Nuha, kesho ni kupambwa kwangu! Wanawake wote wa Voi watakuwa hapa, na wa Taveta, na wa Mombasa. Mavyaa wangu, mama yake Mansur, atakaa pale mbele kabisa. Na wewe dada yangu, tumbo moja, uvue buibui utoke na kichwa kina mabaka kama ramani?

Nuha alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

— Ramani ya wapi? Angalau nitajie nchi.

— Usinifanyie mzaha! Ni mimi ninayeolewa, si wewe!

Ndiyo hapo ilipokuwa shida. Barabarani, dukani, hospitalini, Nuha alijifunika mtandio wake kama mwanamke yeyote wa Kiislamu, na hakuna aliyejua kilichoko chini. Baba yao, Mzee Bwanaheri, ana duka la vitambaa karibu na soko la Voi, na Nuha ndiye anayekaa pale na cherehani. Wateja walimwona uso tu. Lakini siku ya kupamba bibi harusi, wanaume hawaingii. Wanawake huvua mabuibui mlangoni, huacha simu zao kwenye kapu asipigwe mtu picha, kisha hutoka na nywele zao walizohangaikia wiki nzima. Siku hiyo kichwa kilichofunikwa ndicho kinachoulizwa maswali.

Harusi moja huko nyuma Nuha alivaa wigi jingine. Lile lilikuwa na vichana vidogo ndani vya kung'ata nywele lisitoke. Sasa nyuma ya sikio la kushoto, pale baka lilipoungana na jingine mpaka kisogoni, hapakuwa na nywele ya kung'atwa. Wakati wa kucheza wigi likaanza kutembea. Alikishika kichwa kwa mkono mmoja harusi nzima, watu wakadhani ana maumivu. Mara ya pili akalibandika kwa gundi. Alipolibandua likatoka na vile vinyweleo vyeupe vilivyokuwa ndiyo kwanza vinachipua. Alilia bafuni, maji yakiwa wazi ili mama asisikie. Daktari alipoona ngozi ilivyochunika alimkataza gundi.

Simu ya Mwanaesha ikalia kwenye mto. Meseji.

— Nisomee, alisema Mwanaesha. — Huenda ni Mansur. Na usicheke akiandika upuuzi.

Nuha akaichukua. Jina lililokuwa juu si la Mansur. Lilikuwa la Ridha, kaka yake Mansur. Ridha wake yeye. Ridha aliyekuwa akija dukani kununua uzi ambao hana nguo ya kushonea, mpaka siku moja akasema, "Nuha, nyumbani nina uzi wa kushonea Voi nzima. Mimi nimekuja kukuona wewe."

— Mbona kimya? Soma!

Nuha alisoma kwa sauti, taratibu.

"Shemeji, hakikisha Nuha amevaa ile nywele kesho. Mama akikiona kile kichwa hatanikubalia kumuoa, na wewe na Mansur pia mtaharibikiwa, maana atasema ukoo wenu una ugonjwa. Mwambie ni wewe unataka. Usinitaje."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni za sufuria ya pilau.

— Kumbe, alisema Nuha.

— Dada...

— Wigi hili ni lake?

— Pesa nilitoa mimi. Maneno ndiyo yake. Nuha, niliogopa! Bado sijapelekwa kwangu. Mtu anaweza kurudishwa hata akiwa mlangoni!

— Kwa nywele za dada yake?

— Watu wamerudishwa kwa madogo kuliko hayo!

Nuha akaiweka simu juu ya mto, polepole, kama mtu anayeweka yai. Alikuwa ameshamwambia Ridha kila kitu, miezi mingi nyuma, wakati posa ilipoanza kuzungumzwa. Hakutaka mtu aje kushtuka usiku wa ndoa. Ridha alimjibu, "Mimi nakuoa wewe, sioi nywele." Nuha alilala na maneno hayo kama mtoto na leso ya mama yake.

Akatoka uani, akampigia.

— Mpenzi! alipokea Ridha. — Harusi inaendeleaje huko?

— Ridha, mama yako anajua kuhusu kichwa changu?

— Kwa nini unauliza?

— Jibu.

— Hajui. Wewe unamjua mama. Ndiyo maana posa imekawia, namlainisha pole pole. Vumilia kidogo.

— Kwa hiyo ukaona umtumie dada yangu anifiche.

— Nani amekwambia? Mwanaesha? Ah, yule mtoto hana siri!

— Hana mikono. Meseji nimeisoma mimi.

— Nuha, sikiliza. Siku moja tu. Masaa matatu. Vaa, cheka, kula halua, mama akuone umependeza, basi. Tukishaoana nitamweleza.

— Utamwelezaje? Kwamba nimemdanganya kwa nywele za kununua? Nyinyi si ndio mnaohubiriwa kila Ijumaa kuwa nywele bandia hazifai? Leo zimekuwa sunna?

— Usianze dini sasa.

— Na hizi zikianguka zote? Daktari ameniambia wazi haniahidi kitu. Zinaweza kuota zote, zinaweza kuota na kuanguka tena. Nitavaa wigi mbele ya mama yako mpaka nizeeke?

— Mimi nataka tu usinitie aibu!

Ikatoka. Na ikishatoka hairudi.

— Haya, alisema. — Nimeelewa.

Akakata.

Asubuhi ya siku ya pili alikuwa saluni kwa Wakio. Wakio ni Mtaita, mtu wa Wundanyi aliyeteremka Voi kutafuta riziki, na ndiye aliyeliona baka la kwanza. Alikuwa akimsuka, mara mkono ukasimama. "Nuha, ushawahi kujiona hapa nyuma? Kuna kaduara kamelainika kama shavu la mtoto." Tangu siku hiyo hakuruhusu mtu mwingine amguse.

— Nataka unipunguze, alisema Nuha. — Zote zilizobaki. Fupi, sawa sawa.

— Leo? Siku ya harusi?

— Ndiyo leo.

— Mungu wangu! Na mama yako anajua?

— Wakio, wewe ni kinyozi ama ni chifu?

— Mimi ni rafiki yako, ndio maana nauliza. Kaa hapo.

Akamfungua mtandio. Mabaka yalikuwa ya mviringo, ngozi safi, haina magamba, haina vidonda, haiwashi. Hiyo ndiyo tofauti ambayo watu hawakutaka kuisikia. Mwanzo kila mmoja alisema ni choa, mashilingi ya kichwani. Mama alimpaka kitunguu saumu kilichopondwa mpaka ngozi ikaungua. Duka la dawa likamuuzia vidonge vya choa, akavimeza mpaka mwisho, mabaka yakaongezeka. Ni daktari wa ngozi aliyemwinamia na kioo chake cha kukuza, akamwonyesha kwenye simu vijinywele vilivyokatika ukingoni mwa baka, vinene juu, vyembamba chini, kama alama ya mshangao. Akamtazama kucha, akakuta vishimo vidogo kama vya sindano. "Hii si choa," akasema. "Askari wa mwili wako wamekosea adui. Wanapiga mizizi ya nywele zako mwenyewe. Mizizi haijafa, imezubaa. Haiambukizi mtu, na hukuileta wewe."

Tangu hapo kila baada ya wiki kadhaa huchomwa visindano vidogo vingi ndani ya mabaka yenyewe. Huuma mpaka macho yakatoka maji. Baka la utosini lilikuwa limeanza kuota manyoya meupe, laini. Lile la kisogoni lilikataa kabisa.

— Haya meupe niyakate?

— Yaache. Yamepigania kutoka.

Mashine ikanguruma. Wakio alipomaliza alirudi nyuma, akamtazama kwenye kioo.

— Sasa nasema ukweli?

— Sema.

— Mabaka yanaonekana. Sitakudanganya. Lakini shingo yako, Nuha! Shingo ya twiga wa Tsavo. Ulikuwa umeificha wapi?

Nuha akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka bila kicheko. Wakio akampa taulo.

Alasiri hema uani lilijaa. Maturubai yalizungushwa pande zote, udi unafuka, feni kubwa zinapuliza. Mwanaesha alikuwa amekalishwa jukwaani, gauni la kijani, macho chini. Ndivyo bibi harusi anavyotakiwa. Hatazami, hacheki, hasemi. Atasifiwa, atatunzwa, ataimbiwa, naye akae kama picha. Nywele zake zilikuwa zimepandishwa juu, zimesokotwa na asumini, kila aliyepita alisema mashaallah. Zilisukwa na Nuha, mchana ule ule, dada mmoja amesimama na mtandio wake kichwani, mwingine amekaa, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Nuha alipomaliza aliliacha wigi pale pale kitandani, akalifunika kwa leso kama maiti.

Bi Firdaus, mama yao Mansur na Ridha, alikaa mbele, dhahabu mpaka kiwiko. Pembeni yake wifi yake, Bi Mwanasiti, mwanamke ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Mwatate.

Nuha aliingia mlangoni. Mama yake alikuwa hapo akipokea wageni.

— Mwanangu, alinong'ona. — Umelivaa?

— Hapana, mama.

— Nuha, nakuomba. Si leo.

— Mama, leo ndiyo leo. Siku nyingine zote huwa nimejifunika.

Akavua buibui, akampa mama yake. Akavua mtandio, akaukunja mara mbili. Akatembea katikati ya viti.

Ngoma haikunyamaza mara moja. Ilikufa mtu mmoja mmoja, makofi yakipungua, mpaka akabaki msichana mmoja anaimba peke yake, naye akashtuka akafunga mdomo. Nuha alihisi upepo wa feni ukigusa mabaka yake, baridi. Alifika mbele, akainama kumpa Bi Firdaus mkono.

— Shikamoo, mama.

Bi Firdaus aliuangalia mkono. Wake mwenyewe ulinyanyuka, ukasita, ukarudi mapajani.

Bi Mwanasiti ndiye aliyepasua.

— Yallah! Choa hizo! Choa kubwa kubwa! Nani kamruhusu kuingia na maradhi? Mwondoeni karibu na bibi harusi!

— Si choa, bibi, alisema Nuha. Sauti ilitoka nyembamba, akaikaza. — Choa ina magamba na inawasha. Tazama mwenyewe, ngozi ni safi. Ni mwili wangu unajipiga wenyewe. Haiambukizi.

— Kila mwenye maradhi husema hayaambukizi! Mwenye haya angejifunika. Wenzako wenye upungufu huvaa wigi, wanakaa kama watu. Toka, binti, utatutia nuksi. Toka!

— Hatoki!

Watu wote waligeuka. Hawakujua sauti imetoka wapi, maana sauti ile haikutakiwa kusikika. Mwanaesha alikuwa ameinua macho. Bibi harusi, jukwaani, mbele ya wanawake mia, alikuwa amesimama na asumini zinamdondoka mabegani.

— Mwanaesha, keti! mama yake alilia. — Keti, mwanangu, ni mwiko!

— Sikai! Bi Mwanasiti, umezisifu nywele zangu tangu ulipoingia. Umeniuliza nimesukwa na fundi gani wa Mombasa. Fundi ni huyo unayemfukuza! Mikono hiyo hiyo imeshika kichwa hiki leo mchana. Tumelala mto mmoja tangu tukiwa wadogo, tumechana kwa kitana kimoja. Kama ingeambukiza, mimi ningekuwa kipara kabla ya kukujueni!

Mtu nyuma akapiga kigelegele, akakikata katikati, hakujua kama inafaa.

— Na wigi nililinunua mimi, aliendelea Mwanaesha, sasa analia, wanja unamchuruzika. — Mimi ndiye niliyemwambia ajifiche. Niliambiwa nikimwacha aje hivi, mama Firdaus atamkatalia Ridha na mimi nitarudishwa. Haya, nirudisheni! Lakini huyu hatoki!

Bi Firdaus aligeuka polepole.

— Uliambiwa na nani?

Mwanaesha akamtazama Nuha.

— Mseme, alisema Nuha. — Mimi sina wa kumficha tena.

— Ridha.

— Ridha mwanangu? Bi Firdaus alisimama, bangili zikalia. — Ridha alisema mimi nitavunja harusi?

— Aliniambia hujui kuhusu kichwa changu, alisema Nuha, — na kwamba ndiyo sababu posa inakawia. Anakulainisha.

— Ananilainisha! Mimi? Mimi niliyemwambia tangu Ramadhani, "Twende tukakuposee Nuha, nyinyi ndugu muoe siku moja, tupike sufuria moja"? Akanijibu wewe ndiye uliyekataa! Ati unataka kwanza umalize mambo ya cherehani yako. Nikakuona una kiburi. Nimekununia mwaka mzima, mtoto wa watu, nikidhani unanichezea mwanangu!

Nuha alikuwa amemkasirikia mwanamke huyu kwa jambo ambalo hakulifanya, na mwanamke huyu alikuwa amemkasirikia yeye kwa neno ambalo hakulisema. Katikati yao ulisimama uongo wa Ridha.

— Sitadanganya, alisema Bi Firdaus. — Nimekiona kichwa chako nimeogopa. Mkono umekataa. Lakini ningeambiwa ningeuliza, na ningeuliza ningejua. Kosa hilo ni langu. Uongo si wangu.

Akautoa mkono. Nuha akaupokea, akaubusu. Ulikuwa wa moto.

— Mwanasiti, kaa chini, alisema Bi Firdaus bila kugeuka. — Na mtu aniletee simu yangu kutoka kwenye kapu. Ridha aje langoni. Sasa hivi.

Ridha alikuja na kanzu yake nyeupe, wanja wa harusi ya ndugu yake bado machoni, anadhani kuna mizigo ya kubeba. Alimkuta mama yake kwenye pengo la turubai. Nyuma yake, Nuha. Alikuwa ameuvaa mtandio wake, umefungwa vizuri, hauonekani hata unywele.

Ridha akauona mtandio, akapumua.

— Alhamdulillahi. Umejifunika. Nilijua utanielewa, mpenzi wangu. Mama, mnaniitia nini?

— Muulize yeye, alisema mama yake.

Nuha alimtazama. Uso ule alioupenda mpaka akawa anahesabu mitandio atakayovaa akiwa mke wake. Alitafuta ndani ya moyo wake kama mtu anayetafuta sindano kwenye kitambaa, akaikuta hasira tu, safi, imesimama wima.

— Nimekaa humo ndani kichwa wazi, Ridha. Wamekiona wote. Mama yako amekiona, na mkono amenipa.

Uso wa Ridha ukabadilika rangi.

— Nuha! Umefanya nini? Mama, nilikuwa nataka kukueleza...

— Ulikuwa unataka nini? alifoka Bi Firdaus. — Ulinifanya mimi zimwi la kumtishia mtoto wa watu! Hukuwa na ujasiri wa kusema wewe ndiye unayeona haya, ukaniazima mimi sura!

— Niliwaza watu watasemaje! Rafiki zangu, jamaa... Nuha, nisamehe. Mimi nakupenda. Sasa mama amekubali, tatizo liko wapi? Nitakuposa hata kesho. Na ona, mwenyewe umejifunika, maana unajua...

— Usimalize, alisema Nuha. — Usinisemee ninachojua.

Akasogea hatua moja, mtandio wake ukipepea kwenye upepo wa jioni ulioshuka na vumbi jekundu.

— Humo ndani nimevua kwa sababu wale ni wanawake wenzangu. Hapa nimejifunika, lakini sijafunika kipara. Ningekuwa na nywele mpaka kiunoni ningejifunika vile vile, kwa sababu wewe si mume wangu.

Akavuta pumzi.

— Na hutakuwa.

Ridha alifungua mdomo. Mama yake akaliteremsha turubai mbele ya uso wake.

Ndani, msichana wa kuimba alikuwa ameanza tena. Mwanaesha amerudi kitini, wanja umefutwa vibaya, macho yameinamishwa kama inavyotakiwa. Lakini kando yake, pale ambapo hakai mtu yeyote ila somo wa bibi harusi, mwanamke anayemfunda, alikuwa amesukuma mto mmoja kwa mguu wake wenye hina.

Nuha akavua mtandio, akaukunja, akakaa juu ya ule mto.

— Bado nimekukasirikia, alinong'ona.

— Najua, alijibu bibi harusi bila kusogeza midomo. — Nikune pua, dada. Tangu jana inaniwasha.